Naomba niwe muuzaji pekee wa rangi mpya hapa Kibaigwa, kampuni imenitajia tageti kubwa. Nijibuje?

MamaRangi_Kibaigwa

Wakuu mbukwenyi. Naomba mnisaidie mawazo maana Alhamisi nina kikao na meneja wa kanda wa kampuni moja ya rangi na sitaki kwenda kichwa kichwa.

Nina hadiwea Kibaigwa, barabara kuu. Mwaka jana mwezi wa 6 kampuni ilileta laini mpya ya rangi ya nje, ile inayovumilia jua. Hakuna aliyeijua. Nikachukua ndoo 20 za kwanza kwa hela yangu, nikapaka ukuta wa mbele wa duka nusu rangi ya zamani nusu hii mpya ili mtu apite aone mwenyewe, nikawapa mafundi watatu galoni moja moja ya lita 4 bure wakajaribu kwenye nyumba za wateja wao. Mahindi yalipoanza kuuzwa sokoni hela ikawepo, watu wakaanza kuja wanaitaja kwa jina. Mwezi wa 8 nikavuka ndoo 100.

Mwezi wa 9 asubuhi nafungua duka naona gari la kampuni hiyo hiyo linashusha kwa jirani yangu ng'ambo ya barabara. Ndoo 40. Mimi nanunua 78,000 nauza 90,000. Yeye akaweka 85,000. Nikashuka 85, akashuka 83, na mimi nikafika hapo hapo. Faida ya 12,000 kwa ndoo ikabaki 5,000, na hapo sijatoa hela ya vijana wa kupakia wala kodi ya fremu. Wale mafundi watatu niliowapa galoni bure, wawili sasa wananunua kwake. Iliniuma sana, sio kwa sababu ya jirani, yeye ni mfanyabiashara kama mimi, iliniuma kwamba kazi ya kuitambulisha ile rangi niliifanya mimi na kampuni haikuniambia hata neno.

Sasa msimu unakaribia tena nimewaomba hiyo laini moja waniachie mimi. Seles wao akasema sawa ila masharti ni haya: ndoo 150 kila mwezi, mwaka mzima, wilaya yote ya Kongwa, na nisiuze rangi ya kampuni nyingine yoyote. Daftari langu linasema Juni mpaka Novemba wastani ni ndoo 110 kwa mwezi, Desemba mpaka Mei ni 35 hivi. Nikubali? Nikatae? Nijibu nini?

BintiKondoa

Dada hongera kwa kupata uwakala. Mimi nilipoomba wa pesa za simu walitaka TIN, leseni ya biashara, kitambulisho na mtaji wa kuanzia, ukikamilisha hivyo wanakupa laini ya uwakala. Usiogope masharti, andaa makaratasi tu.

MamaRangi_Kibaigwa

Asante mdogo wangu ila sio uwakala huo. Kuuza nauza tayari. Ninachotaka ni kampuni isimpe mwingine mzigo huo huo eneo langu.

seles_mstaafu

Mama shikamoo. Nimefanya mauzo ya rangi kanda ya kati miaka 14, nimekaa upande ule wa meza mara nyingi kwa hiyo nikuambie wanavyofikiria.

Kwanza hiyo 150 haikuokotwa. Angalia: wewe 110 wakati wa msimu, jirani 40. Jumla 150. Meneja hakatazi jirani kwa huruma, anajiuliza nikimnyima huyu ndoo zake 40 nani atazinunua? Kwa hiyo anakutwisha wewe. Hapo hajakosea. Alipokosea ni kuchukua namba ya msimu akaizidisha mara 12. Hiyo ni ndoo 1,800 kwa mwaka. Wewe kwa daftari lako ni 660 msimu na 210 masika, jumla 870. Jirani, ukimpigia 40 kwa miezi sita na tuseme 10 kwa miezi ya masika, ni 300. Wote wawili mkiunganishwa ni 1,170. Hakuna 1,800 Kibaigwa.

Na hao wateja wa jirani usidhani watahamia kwako wote. Kuna mtu ananunua pale kwa sababu anakopeshwa au ni shemeji yake, rangi hii ikikosekana atachukua ya brandi nyingine hapo hapo. Mimi ningeenda na 130 kwa mwezi Juni hadi Novemba, 40 Desemba hadi Mei, jumla 1,020, na ningeomba isipimwe kwa mwezi, ipimwe kwa miezi mitatu mitatu. Mahindi yakichelewa kukauka au bei ikawa mbaya wakulima wakashikilia magunia, Juni yako itakuwa mbovu lakini Agosti itafidia. Ukipimwa kwa mwezi Juni peke yake inakuvunjia mkataba.

Nenda na daftari lenyewe, sio kumwambia kwa mdomo. Meneja akiona mwezi kwa mwezi kwa mwandiko wako na risiti za EFD zinakubaliana, mazungumzo yanabadilika.

Mfuga_Manyoni

Nikuambie yaliyonikuta usije ukasaini hicho kipengele cha kutouza rangi nyingine. Mimi nauza chakula cha kuku. Niliomba niwe peke yangu wilayani, wakanipa, sharti likawa hilo hilo, brandi yao tu. Miezi minne raha. Mwezi wa tano kiwandani wakaishiwa malighafi, mzigo haukuja wiki tano. WIKI TANO. Shelfu tupu na mkataba unanikataza kuchukua kwa wengine, wafugaji wangu wa kuku wa mayai hawawezi kusubiri, kuku akibadilishiwa chakula ghafla mayai yanapungua sasa akishahamia brandi nyingine na kuku wakazoea hakurudii tena. Nilipoteza wateja kama 30 wa kudumu. Mzigo uliporudi kampuni ikanidai tageti ya miezi ile ile ambayo wao hawakuleta!

Kwa hiyo andika hivi, mzigo ukichelewa zaidi ya siku kadhaa tangu nilipe oda, naruhusiwa kuuza cha mwingine na tageti ya kipindi hicho inapunguzwa.

seles_mstaafu

Huyu ndugu kasema jambo la maana kuliko langu. Kwenye rangi inatokea sana, hasa nyeupe na krimu Agosti hadi Oktoba, kila mtu anapaka.

WakiliMtaani

Mnampoteza mama wa watu. Mambo ya kuuza peke yako ni kosa kisheria, kuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume ya Ushindani FCC wapo, ukikamatwa wewe na kampuni mnapigwa faini kubwa ya kutisha. Soko huria hili, kila mtu ana haki ya kuuza chochote.

Area_C

Mkuu WakiliMtaani upo sahihi nusu. Sheria ipo na FCC wapo. Ila linalobanwa bila kuulizwa maswali mengi ni wafanyabiashara washindani kukaa pamoja wakapanga bei au wakapanga nani ashinde zabuni. Yaani huyu mama na jirani yake wakikubaliana wote wauze 90,000, hilo ndo kosa kabisa, na watu wanalifanya kila siku wakidhani ni kupatana. Kampuni kuamua iuzie duka lipi ni suala tofauti, hapo wanaangalia ukubwa wa wahusika na kama ushindani unaumia kweli. Laini moja ya rangi kwenye mji ambao maduka yamejaa brandi nyingine, mteja bado ana pa kwenda. Ingekuwa kampuni ndio inashika karibu soko lote la rangi ningemwambia apumue kwanza amuone wakili.

Mambo mawili dada. Bei ya kuuzia rejareja usikubali iandikwe kwenye huo mkataba, bei yako ni yako. Na mkataba ukisainiwa upeleke TRA ukalipiwe ushuru wa stempu ndani ya siku 30, maana usipolipiwa mahakama hailipokei hilo karatasi kama ushahidi.

WakiliMtaani

Bado naona jirani anaonewa.

MamaRangi_Kibaigwa

Kaka hata mimi nimelifikiria hilo, sitaki afunge duka. Ana saruji, ana nondo, ana rangi za kampuni nyingine tatu. Naomba laini moja tu ambayo niliifungulia njia.

Area_C asante sana kwa lile la bei, kuna mtu alinishauri niende kuongea na jirani tupange bei moja. Sitakwenda.

Fundi_Mpwapwa

Mimi fundi rangi, naongea kwa upande wetu. Nikipata kazi Kibaigwa au Kongwa mara nyingi nakuwa nimetoka Dodoma kununua msasa, brashi, skimu, sasa kama rangi pale ipo kwa bei nafuu naibeba huko huko. Hakuna mkataba utakaonizuia. Kwa hiyo mama hata ukipewa wilaya nzima, rangi itaingia tu, na jirani yako anaweza kuagiza kwa jumla Majengo au Sabasaba akaiweka dukani bila kampuni kujua.

Kitu kingine mafundi hatuhami duka kwa sababu ya elfu mbili, tunahama kwa kukosa rangi. Nikija nikute nyeupe ipo ila maruni imeisha, naenda ng'ambo nachukua vyote viwili.

MamaRangi_Kibaigwa

Hili la Dodoma ndo linanitisha kuliko tageti. Nitajuaje kama mzigo wa jirani umetoka kampuni au umetoka kwa mtu wa jumla?

seles_mstaafu

Angalia ndoo. Kila ndoo ina namba ya bachi na tarehe, imepigwa wino juu ya mfuniko au ubavuni karibu na mshikio. Mzigo ukishushwa kwako usisaini dilivari noti kabla hujaandika namba za bachi ulizopokea, ndoo 60 zinaweza kuwa na bachi mbili au tatu tu sio kazi. Halafu mwambie fundi unayemwamini akikuta ng'ambo apige picha mfuniko. Bachi ile ikiwa haipo kwenye dilivari noti zako, tuma picha kwa meneja. Kampuni makini wana kumbukumbu bachi fulani ilipakiwa kwa nani, ndani ya siku moja wanajua ni duka gani la jumla limeachia. Bachi zikifanana na zako napo usikimbilie kulaumu, bachi moja kiwandani inajaza ndoo nyingi, inaweza kugawanywa kwa wateja kadhaa.

Uvujaji mdogo wa ndoo tano sita usipige kelele. Ukiona ndoo 20 na zaidi zimepangwa dukani, hapo kuna mtu analeta mzigo kwa utaratibu.

Ila kukamata ni nusu ya kazi. Swali ni kampuni itafanya nini. Itamnyima punguzo yule wa jumla? Itakuhesabia zile ndoo kwenye tageti yako? Mimi nilipokuwa kazini tulikuwa tunamhesabia mwenye eneo, inamuuma kidogo lakini haimvunjii tageti. Omba hilo.

Jumla_Sabasaba

Niseme ukweli mimi nauza jumla Dodoma mjini. Mtu akija na hela mkononi anataka ndoo 30 simuulizi unatoka Kongwa au Bahi au Chamwino. Nina mkopo benki na mimi. Kampuni wakitaka nimchague mteja wanilipe tofauti. Hamuwezi kukaa huko Kibaigwa mkagawana mji halafu mimi ndo nipoteze mauzo.

Fundi_Mpwapwa

Hapo umeongea mkuu.

seles_mstaafu

Sikulaumu Jumla_Sabasaba. Ndo maana nasema haki hiyo ya mama ina mipaka. Inamzuia kampuni kumuuzia jirani moja kwa moja kwa bei ya 78,000. Jirani akichukua kwako atachukua kwa bei yako ya jumla, tuseme 81,000, halafu aweke na nauli ya kutoka Dodoma. Hawezi tena kuuza 83,000 akapata kitu. Ulinzi wa kweli upo kwenye hiyo tofauti, sio kwenye karatasi kuzuia kila ndoo.

Mama mawili ya mwisho kabla ya Alhamisi. Eneo: usiombe wilaya. Una gari la kupeleka Mkoka? Hogoro? Kama huna, meneja atakuuliza hilo swali la kwanza na utakwama, na ukipewa utadaiwa mauzo ya sehemu usizofika. Omba Kibaigwa, Pandambili na Mbande, barabara yako, yataje kwa majina. Kongwa mjini waachie. La pili, ule mzigo uliobaki kwa jirani. Leo ukipewa haki yako na yeye ana ndoo 60 stoo, atazimwaga kwa 78,000 azitoe, na bei hiyo itakaa kichwani mwa wateja msimu mzima. Waombe kampuni wazirudishe au wakuuzie wewe kwa bei aliyonunulia, kabla barua haijaanza kufanya kazi.

Na usipokee ahadi ya seles. Nilikuwa seles, naahidi vitu vingi ili nifunge mwezi. Mwenye uwezo wa kuifunga akaunti ya jirani kwenye mfumo ni meneja wa kanda au wa mauzo makao makuu. Barua itoke kwake, na sahihi.

Mfuga_Manyoni

Hapo kwenye seles niongezee, wangu alihamishwa Mbeya. Aliyekuja akasema hana taarifa yoyote. Meseji zangu zote za watsap alikuwa nazo yule wa kwanza.

MamaRangi_Kibaigwa

Wakuu nimerudi. Kikao kilikuwa jana Dodoma, masaa mawili na nusu tumekaa.

Nilianza na daftari kama nilivyoelekezwa. Meneja akalifungua ukurasa kwa ukurasa, akatoa simu yake akalinganisha na mauzo yao kwangu, yakakubaliana, tofauti ndoo nne. Hapo hapo akaacha kutaja 150. Nikamwambia masika ukinipa 150 na nikauza 35, zinabaki ndoo 115 kwa mwezi mmoja tu, mara 78,000 ni karibu milioni 9 imelala stoo, mwezi wa pili ananidai nyingine 150 nitatoa wapi. Akacheka akasema sawa mama.

Tulipofika: miezi sita tu, Juni hadi Novemba, ndoo 720. Ni 120 kwa mwezi lakini inapimwa mara mbili, mwisho wa Agosti na mwisho wa Novemba. Mimi nilisema 110, yeye 130, tukakutana hapo. Masika hakuna tageti ila na haki ya peke yangu haipo, tutakaa tena Novemba. Eneo ni Kibaigwa, Pandambili na Mbande, yameandikwa. Alinishangaa nilipokataa wilaya nzima, nikamwambia sina gari.

Kipengele cha brandi nyingine tulibishana sana. Alikubali niuze za ndani za kampuni yoyote, za nje za daraja hilo hilo zisiwe za wengine. Nikaomba lile la Mfuga_Manyoni, mzigo ukichelewa siku 10 baada ya malipo nachukua kwingine na ndoo za siku hizo zinatolewa kwenye 720. Alikubali, limeandikwa. Kaka nakushukuru kutoka moyoni, maumivu yako yameniokoa.

Mzigo wa jirani umebaki ndoo 22, kampuni inazichukua wiki hii.

Niliposhindwa ni sehemu mbili. Wakandarasi wa miradi, kama madarasa na zahanati, kampuni itawauzia yenyewe moja kwa moja hata wakiwa ndani ya eneo langu na mimi sipati chochote. Nilisukuma akakataa katakata. Na wale wa jumla wa Dodoma akasema atawaambia kwa mdomo ila haandiki, wananunua mzigo mkubwa kuliko mimi. Kuhusu kunihesabia ndoo zinazovuja akasema tutaona.

Area_C

"Tutaona" sio kipengele dada. Mwandikie leo hii barua pepe ya kumshukuru kwa kikao, humo taja kwamba mliongelea ndoo zinazovuja na unasubiri jibu lake. Asipokataa kwa maandishi angalau una kumbukumbu.

seles_mstaafu

Umefanya vizuri mno mama. Hilo la wakandarasi wasingekupa, hata mimi nisingekupa, wale wanataka mkopo wa siku 60 hadi 90 na wewe usingeubeba. Ila la jumla usiliachie, Agosti ukifikisha tageti ya kwanza ndo lirudishe mezani, hapo una nguvu.

Jumla_Sabasaba

Meneja wenu alinipigia leo asubuhi kwa kweli. Nimemwambia nilichowaambia hapa.

MamaRangi_Kibaigwa

Kaka Jumla_Sabasaba nakuheshimu, na wewe una watoto wa kulisha. Nikuulize kwa uwazi: jirani yangu akija kwako na hela ya ndoo 30, ukinipigia mimi kwanza nikazichukua zile 30 kwa bei yako hiyo hiyo, utakubali? Wewe hupotezi mauzo na mimi naziingiza kwangu.

Jumla_Sabasaba

Nipe namba yako inboksi. Sijakubali, ila tuongee.

MamaRangi_Kibaigwa

Nimetuma. Gari la kwanza linashusha Jumatatu, kijana wangu nimeshampa kalamu na daftari jipya la kuandika namba za mifuniko.